Nusu kilo ya minofu na gharama ya miaka minne: namna ya kupima faida ya mafunzo kazini

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

Katika viwanda vya kuchakata sangara jijini Mwanza, ustadi wa mkata minofu huonekana kwenye panki. Nyama inayobaki kwenye mifupa huuzwa pamoja na mapanki kwa bei ndogo, ilhali nyama hiyo hiyo ingalikatwa vizuri ingeuzwa kama minofu. Ndiyo maana kiwanda huweza kuwagharamia watumishi wake mafunzo, kwa mfano kupitia Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA), wenye kampasi Nyegezi. Swali ni iwapo fedha hizo hurudi, kwa kuwa gharama hulipwa leo na faida huja kidogo kidogo kwa miaka kadhaa.

Tuchukue mfano wa kiwanda kinachotaka kuwafundisha wakata minofu 20 kwa wiki nne. Takwimu zifuatazo ni za kufafanulia hesabu tu. Ada ni shilingi milioni 16, mishahara ya mwezi huo milioni 6, na samaki wa mazoezi pamoja na wasimamizi milioni 8. Uzalishaji unaopotea wakati meza ziko wazi ni milioni 10. Jumla ni milioni 40. Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi haihesabiwi hapa, kwa sababu mwajiri anayepaswa kuilipa atailipa hata asipofundisha mtu.

Faida ya kwanza ni tija. Hapa wengi hukosea kwa kupima kasi. Samaki wanapokuwa haba, mkataji mwepesi humaliza kazi mapema tu, wala kiwanda hakipati kilo zaidi. Kipimo sahihi ni uzito wa minofu kwa kila kilo 100 za samaki. Tuseme kila aliyefunzwa anaongeza nusu kilo ya minofu kwa siku, na tofauti ya bei kati ya minofu na mapanki ni shilingi 6,000 kwa kilo. Hiyo ni shilingi 3,000 kwa siku. Kwa siku 200 za kazi, ni shilingi 600,000 kwa mwaka kwa kila mtumishi.

Faida ya pili ni watumishi kudumu kazini. Iwapo zamani watu 6 kati ya 20 waliondoka kila mwaka na sasa wanaondoka 3, kiwanda kimeepuka kuajiri na kuzoesha watu 3. Kwa shilingi milioni 1 kila mmoja, hiyo ni milioni 3 mwaka wa kwanza, na milioni 2 kila mwaka unaofuata kadiri waliofunzwa wanavyopungua. Hata hivyo, kila aliyefunzwa anayeondoka huondoka na ustadi wake. Katika mfano huu wanabaki 20 mwaka wa kwanza, kisha 17, 14 na 12. Kwa hiyo faida zote mbili kwa pamoja ni milioni 15 mwaka wa kwanza, kisha 12.2, 10.4 na 9.2.

Jumla ya miaka minne ni milioni 46.8, na mtu angeweza kusema kiwanda kimepata milioni 6.8. Lakini shilingi ya mwaka wa nne si sawa na ya leo, kwani fedha za leo zingeweza kuzaa mahali pengine au zimekopwa kwa riba. Kwa kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka, faida ya mwaka wa kwanza hugawanywa kwa 1.12, ya mwaka wa pili kwa 1.12 mara 1.12, na kuendelea hivyo. Thamani ya leo ya faida zote inakuwa takriban milioni 36.4. Mafunzo hayo yamepata hasara ya milioni 3.6.

Haimaanishi kwamba mafunzo yaachwe. Yakifanyika katika kipindi ambacho samaki ni wachache, uzalishaji unaopotea huweza kushuka kutoka milioni 10 hadi 4. Gharama inakuwa milioni 34, na hasara inageuka kuwa faida ya milioni 2.4, bila kubadili somo hata moja.

Hesabu yote hutegemea ukweli wa ile nusu kilo. Ukubwa na ubichi wa samaki hubadilisha kiasi cha minofu, hivyo kulinganisha mwezi wa kabla na wa baada ya mafunzo kunaweza kupotosha. Njia salama ni kuwafunza nusu ya wakataji kwanza, kisha kupima meza zao na za wenzao siku ile ile, kwa samaki wa shehena moja. Upimaji urudiwe baada ya miezi sita, kwani ustadi usiosimamiwa hufifia. Pengo likipungua hadi robo kilo, faida ya tija hupungua kwa nusu, na hata mafunzo ya gharama ya milioni 34 hayatalipa kwa miaka minne.