Kuzimua Asidi na Makosa ya Logi

Kipimo cha pH kilibuniwa na mkemia Søren Sørensen mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, Copenhagen. Fomula yake ni fupi:

```
pH = -log[H+]
```

Ndani ya mabano ni ukolezi wa ayoni za haidrojeni, kwa moli kwa lita. Kwa kuwa kipimo hiki ni logi, pH ikipanda kwa 1, ayoni hizo zimepungua mara kumi. Hapo ndipo mahesabu mengi ya kuzimua asidi yanapoharibikia.

Chukua mililita 10 za asidi ya haidrokloriki yenye ukolezi wa 0.10, uongeze maji mpaka ujazo wote ufike mililita 100. Asidi hii ni kali, yaani karibu yote huachia ayoni zake. Ukolezi unashuka hadi 0.010, na pH inatoka 1 kwenda 2. Anayegawa pH yenyewe kwa 10 anapata 0.1, na jibu hilo lajisuta: asidi iliyotiwa maji haiwezi kuwa kali kuliko ilivyokuwa. Kinachogawanywa ni ukolezi. Logi huchukuliwa mwishoni.

Kosa jingine ni la mkono, si la hesabu. Kumimina mililita 100 za maji juu ya zile 10 ni kuzimua mara 11, na pH inakuwa 2.04.

Asidi ya siki ina tabia nyingine. Ni dhaifu: katika ukolezi wa 0.10, ni takriban molekuli 13 tu katika kila 1,000 zilizoachia ayoni, ndiyo maana pH yake ni 2.88 badala ya 1. Ukiizimua mara kumi, wengi huongeza 1 na kuandika 3.88. Lakini maji yakiongezeka, sehemu kubwa zaidi ya molekuli huachia ayoni, kama 42 katika 1,000, na hivyo kufidia kiasi cha upungufu. Jibu sahihi ni 3.38. Kwa makadirio, ayoni hufuata kipeuo cha pili cha ukolezi, hivyo kuzimua mara kumi hupandisha pH kwa nusu tu.

Kuchanganya nako kuna mtego. Ujazo sawa wa asidi ya haidrokloriki yenye pH 1 na yenye pH 3 hautoi pH 2. Wastani ni wa ukolezi: 0.1 na 0.001 hutoa 0.0505, yaani pH 1.30.

Jibu likiwa kubwa kupita kiasi, kagua kitufe cha kikokotoo. Kitufe cha `ln` hutoa tarakimu mara 2.303 ya ile ya `log`. pH 2 huonekana kama 4.6.

Hata fomula ikitumiwa sawasawa ina mpaka. Asidi ya haidrokloriki ya ukolezi wa 10⁻⁸ haina pH 8, maana asidi haigeuki besi kwa kutiwa maji. Katika nyuzi 25 za Selsiasi maji yenyewe huachia ayoni, na yakihesabiwa pamoja na asidi, pH ni 6.98.