Mama Asha Wawili Kwenye Orodha ya Michango

Kamati ya harusi ikishaundwa, katibu hukabidhiwa orodha za kila namna. Upande wa bwana harusi huleta majina yaliyonakiliwa kutoka kundi la WhatsApp. Shangazi ana daftari ambalo kijana fulani amelichapa kwa haraka. Wafanyakazi wenzake bibi harusi wana jedwali lao la tangu sherehe iliyopita. Yote humwagwa kwenye ukurasa mmoja wa Excel au Google Sheets, na hakuna anayejali mpaka siku ya kutuma ujumbe wa kukumbushia ahadi. Hapo ndipo mtu mmoja anapodaiwa mara mbili, na aliyekwisha kutoa anaambiwa hajatoa.

Tuchukue jedwali la watu kama 300, lenye safu nne: A ni jina, B ni simu, C ni ahadi, D ni alichokwisha kulipa. Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala ya ukurasa mzima na uiache kama ilivyo. Kisha fuata mpangilio huu: nafasi zilizozidi kwanza, mistari mitupu baadaye, watu waliojirudia mwisho. Ukianza na waliojirudia, kompyuta itakuambia hakuna hata mmoja, nawe utaiamini.

Sababu ni kwamba kompyuta haisomi kama sisi. "Mama Asha" ana herufi tisa ukihesabu na nafasi ya katikati. Akiandikwa na nafasi moja mwishoni anakuwa na kumi, na kwa mashine huyo ni mtu mwingine kabisa. Jicho haliioni tofauti hiyo, ila fomula ya `LEN` itakuonyesha 10 pale ulipotarajia 9. Dawa inayojulikana ni `TRIM`: hukata nafasi za mwanzoni na mwishoni, na zile za katikati zilizorundikana hubakiza moja. Lakini majina yaliyonakiliwa kutoka mtandaoni mara nyingi huja na nafasi ya aina nyingine, yenye namba 160 kwenye orodha ya alama za kompyuta, ambayo `TRIM` haiigusi. Ukitumia `TRIM` na `LEN` bado inasema 10, mshuku huyo. Kwenye safu E andika:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

Ivute mpaka mstari wa mwisho. Kompyuta ikiikataa, jaribu nukta mkato mahali pa mkato, kwani inategemea nchi iliyochaguliwa kwenye mipangilio.

Simu zina vurugu zaidi, na ndizo zitakazotuokoa. Namba ya mfano 0712 345 678 inaweza kuandikwa +255 712 345 678, au 0712-345-678, au ikabaki 712345678 kwa sababu Excel imeihesabu kama kiasi na kuitupa sifuri ya mbele. Ikiandikwa 255712345678 bila alama ya kujumlisha, huenda ukaiona kama 2.55712E+11, ingawa ndani tarakimu zote zipo. Kwa namba za Tanzania, maandishi yote hayo yanakutana mahali pamoja: tarakimu tisa za mwisho. Kwenye safu F tunazichomoa baada ya kuondoa nafasi na vistari:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2,UNICHAR(160),"")," ",""),"-",""),9)
```

Kisha panga kwa safu F na uisome kutoka juu hadi chini. Namba za simu za mkononi za Tanzania, ukishatoa 255 au sifuri, huanza na 6 au 7. Inayoanza na 1 huenda imeongezewa tarakimu, na yenye tarakimu nane imepungukiwa. Mjomba aliyeko Maskati naye atajitokeza hapo: namba za Oman zina tarakimu nane baada ya 968, kwa hiyo yake itaanza na ile 8 ya mwisho ya msimbo wa nchi. Mwache kama alivyo, na usimbandike 255 pamoja na wengine wakati wa kuandaa namba za kutumia ujumbe.

Mistari mitupu huonekana kama haina madhara. Tatizo ni kwamba Excel ikiambiwa ipange au ichuje jedwali, hukisia mwisho wake pale inapokutana na mstari mtupu, na waliomo chini yake wanabaki nje. Njia ya mkato inayofundishwa mara nyingi ni kwenda `Go To Special`, kuchagua `Blanks`, halafu kufuta mstari mzima. Katika orodha ya michango njia hiyo ni balaa. Inachagua kila kisanduku kitupu, hata kama mstari wenyewe una mtu, na wenye safu D tupu ni wale wasiolipa. Utakuwa umewafuta wadaiwa wote kwa pigo moja, na hesabu ya ahadi itaonekana safi ajabu. Uliza kama mstari wote hauna kitu, kwenye safu G:

```
=E2&F2&TRIM(C2&D2)=""
```

Inayojibu `TRUE` ndiyo ya kufuta. Kwa kuwa tunaangalia E na F zilizokwisha kusafishwa, mstari ambao mtu aligusa kitufe cha nafasi kisha akaondoka nao utakamatwa.

Sasa waliojirudia. Kwenye safu H:

```
=COUNTIF(F$2:F$301,F2)
```

Panapotokea 2 au zaidi, namba hiyo imeandikwa zaidi ya mara moja. Wasio na simu kabisa waweke kando, maana fomula itawahesabu kana kwamba ni mtu mmoja.

Kishawishi ni kubonyeza `Remove Duplicates` na kwenda kula. Hebu tumwangalie Mama Asha. Mstari wa 14 unasema ameahidi 100,000 na safu ya malipo ni tupu. Mstari wa 87, ulioletwa na shangazi, hauna ahadi lakini unaonyesha amelipa 60,000. Ukiiambia mashine ilinganishe safu zote, haitaona marudio, kwa sababu mistari hiyo haifanani. Ukiiambia ilinganishe simu peke yake, itabakiza wa 14 kwa kuwa ndio wa kwanza na kuutupa wa 87. Elfu sitini zimepotea, na Mama Asha atapokea ujumbe wa kudaiwa laki nzima. Kinachotakiwa ni kupeleka 60,000 kwenye mstari wa 14, kisha kuufuta wa 87 kwa mkono. Kama mistari yote miwili ina ahadi, 50,000 na 100,000, hakuna fomula itakayojua kama alibadilisha au aliongeza. Mpigie.

Wapo pia mume na mke waliosajiliwa kwa simu moja, kila mmoja na ahadi yake. Hao si marudio, ni watu wawili watakaosoma ujumbe mmoja. Na yupo mwenye laini mbili, ambaye safu H itampa 1 na 1. Huyo utampata kwa kupanga kwa jina na kusoma, huku ukikumbuka kwamba Fatma wa orodha moja anaweza kuwa Fatuma wa nyingine, na Mwl. Salehe akaandikwa Mwalimu Salehe mistari mia moja chini yake.

Ukimaliza, nakili safu E na F kisha uzibandike kama thamani tupu, kwa `Paste Special` na `Values`. Hapo ndipo unaweza kufuta safu A na B za zamani. Ukizifuta mapema, fomula zitakosa pa kusoma na orodha nzima itageuka `#REF!`.