Mgeuko wa Umbo Alkoholi Inapogeuzwa Kuwa Halidi

Makala haya yanafafanua kinachoipata kaboni pale ambapo alkoholi inageuzwa kuwa alkili halidi. Mfano unaotumiwa ni 2-oktanoli. Kaboni yake ya pili imeshikana na vitu vinne tofauti, na kwa hivyo ina maumbo mawili, R na S, yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto.

Kundi la OH haliondoki kwa urahisi. Sharti kwanza ligeuzwe kuwa kundi lililo tayari kuondoka, na katika hatua hiyo oksijeni haiachani na kaboni. Hii ndiyo sababu umbo la R la 2-oktanoli, likitiwa kloridi ya tosili katika piridini baridi, hutoa tosilati yenye umbo lile lile la R. Kifungo kilichovunjika ni cha oksijeni na haidrojeni tu. Mgeuko hutokea baadaye, tosilati inapowekwa pamoja na bromidi ya lithiamu katika asetoni. Ioni ya bromidi huishambulia kaboni kutoka upande wa nyuma, na vifungo vitatu vilivyosalia hupinduka kama mwavuli uliopigwa na upepo. Zao ni 2-bromooktani ya S.

Tribromidi ya fosforasi hufikia zao hilo hilo katika chombo kimoja. Oksijeni hushikana na fosforasi, kisha bromidi iliyoachiliwa hushambulia kutoka nyuma. Moli 1 ya PBr₃ hutosha kwa moli 3 za alkoholi.

Kloridi ya thionili inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa kiyeyushi ndicho huamua. Penye piridini, kloridi huwa huru, hushambulia kutoka nyuma, na zao huwa la S. Katika dioksani bila piridini, zao hubaki R. Mwaka 1952, Lewis na Boozer walieleza kwamba oksijeni ya dioksani hutangulia kushambulia kutoka nyuma, kisha kloridi huiondoa dioksani kwa njia iyo hiyo. Migeuko miwili hurejesha umbo la awali.

Hata hivyo, umbo linaweza kupotea. Tosilati ikiachwa muda mrefu penye bromidi nyingi, bromidi hushambulia hata zao lenyewe na kuligeuza tena na tena, hadi R na S zichanganyike. Polarimita hudhihirisha hasara hiyo: uwezo wa zao kuzungusha mwanga uliopolarishwa hupungua, nao hufika sufuri maumbo yote mawili yanapokuwa sawa. Aidha, kaboni iliyobeba OH ikiwa imeshikana na kaboni nyingine tatu, njia ya nyuma huzibwa, na mgeuko huu hauwezi kutarajiwa.

Basi anayefuatilia umbo na ahesabu ni mara ngapi kaboni yenyewe imeshambuliwa kutoka nyuma: mara moja hugeuza, mara mbili hurejesha.