Mtambo Ukiongezewa Umri, Hesabu za Jana Haziguswi

Januari 2023, Alphabet, kampuni mama ya Google, ilikamilisha tathmini ya seva zake na kuamua kuwa zitatumika kwa miaka sita badala ya minne. Uamuzi huo haukuleta seva mpya wala mteja mpya. Hata hivyo, gharama ya uchakavu ya mwaka huo ilipungua kwa dola bilioni 3.9, na faida halisi ikapanda kwa takriban dola bilioni 3. Hesabu za 2022 na za miaka ya nyuma zilibaki kama zilivyokuwa.

Msomaji anaweza kuuliza: kama seva zina maisha marefu kuliko ilivyodhaniwa, mbona hesabu za zamani hazikurekebishwa? Jibu ni kwamba umri wa mtambo ni makadirio. Kwa kampuni zinazofuata viwango vya kimataifa, zikiwemo za Tanzania na Kenya, suala hili linaongozwa na Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 8, na kanuni za Marekani nazo zina msimamo huohuo.

Tuchukue kiwanda cha kusaga unga kilichonunua kinu mwanzoni mwa 2020 kwa shilingi milioni 120. Fundi alikadiria kitafanya kazi miaka kumi na mwishowe hakitakuwa na thamani ya kuuzwa. Uchakavu ukawa milioni 12 kila mwaka. Hadi mwisho wa 2023 milioni 48 zilikuwa zimekwisha kukatwa, zikabaki milioni 72 vitabuni.

Mapema 2024 kinu kinakaguliwa. Roli zake zimechakaa kidogo tu kwa sababu matengenezo yamefanywa kwa wakati, na fundi anasema kimebakiza miaka minane, si sita. Mhasibu anachukua zile milioni 72 na kuzigawa kwa minane. Kuanzia 2024 uchakavu ni milioni 9 kwa mwaka.

Wapo wanaoshawishika kurudi hadi 2020: milioni 120 zigawanywe kwa miaka 12, uchakavu uwe milioni 10, kisha milioni 8 “zilizozidi” zirudishwe kwenye faida ya nyuma. Hapo ndipo wanapokosea. Mwaka 2020 hakuna aliyeweza kujua kinu kingetunzwa vipi. Makadirio ya wakati ule yalikuwa ya haki kwa taarifa zilizokuwepo. Taarifa mpya inahusu mwaka huu na ijayo.

Sera ya uhasibu ni jambo jingine. Sera ni kanuni ambayo kampuni imechagua kupimia vitu vyake. Kiwanda hichohicho kinaweza kuwa kilithamini akiba ya mahindi kwa kuchukulia kuwa gunia lililoingia kwanza ndilo hutoka kwanza, kisha kikahamia wastani wa bei. Hapa kipimo chenyewe kimebadilika. Ukipima mwaka jana kwa kipimo kimoja na mwaka huu kwa kingine, hesabu hizo hazilinganishiki. Kwa hiyo hesabu za mwaka jana huandikwa upya, na faida iliyolimbikizwa hurekebishwa kana kwamba sera mpya ilikuwepo tangu zamani. Tena kampuni haibadili sera kwa kupenda tu: lazima kiwango kiitake, au taarifa iwe ya kuaminika na yenye manufaa zaidi. Ikiwa ni vigumu kujua kama badiliko ni la sera au la makadirio, kiwango kinasema lichukuliwe kuwa la makadirio.

Lipo pia kosa. Ikiwa mwaka 2020 kabrasha la mtengenezaji lilionyesha wazi miaka 12 na mhasibu hakulisoma, hayo si makadirio mapya. Ni kosa, na kama ni kubwa, hesabu za nyuma hurekebishwa.

Uhuru wa kukadiria unaweza kutumiwa vibaya. Mwaka 2002 Tume ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani iliwashtaki waliokuwa viongozi wa Waste Management, kampuni ya kuzoa taka. Iliwatuhumu kwamba, pamoja na mbinu nyingine, walirefusha umri wa malori na kuyapa thamani ya mwisho isiyo na ushahidi ili kupunguza uchakavu. Kampuni ilikuwa imekwisha kukiri kwamba faida yake kati ya 1992 na 1997 ilikuzwa kwa takriban dola bilioni 1.7.

Dalili zipo. Kampuni inayopata hasara kila inapouza mitambo yake huenda imeipa umri mrefu mno. Ambayo imejaa mitambo yenye thamani sifuri vitabuni lakini inayofanya kazi kila siku, imeipa mfupi mno. Viwango vinataka umri huo uangaliwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa fedha.

Kwa hiyo, ewe mwenye hisa, faida ikipanda ghafla fungua maelezo yanayofuata mizania na utafute umri wa mitambo. Kampuni inawajibika kueleza badiliko lenye athari kubwa na kutaja kiasi chake. Usipokikuta, uliza kwenye mkutano mkuu wa mwaka.