Utangulizi: Kilo ya Mbaazi kwa Bei ya Mahindi

Fomula ya lahajedwali ikishindwa kufanya kazi, mara nyingi huonyesha alama ya kosa, na karani hujua kuna jambo la kurekebisha. Somo tunaloliingia hapa linahusu fomula zilizo hatari zaidi, zile zinazotoa jibu safi lenye tarakimu nzuri, lakini si bei ya zao lililopimwa. Makosa haya yana chanzo kinachofahamika, na mtu akishakielewa anaweza kuyanasa kwa ukaguzi mfupi.

Twende Bashay, Mbulu, kwa wakulima wa kitunguu saumu. Mfano huu nimeutunga, na bei zake nimezichagua ili hesabu iwe rahisi. Karani wa ghala ana orodha ya bei kwa kilo, kuanzia seli F2 hadi G7, iliyopangwa kwa alfabeti: Alizeti 900, Kitunguu saumu 5,000, Maharage 2,200, Mahindi 600, Ngano 1,100, Shayiri 1,000. Msimu wa mbaazi ukafika. Karani hakutaka kuvuruga orodha yake, akaandika Mbaazi 1,500 chini kabisa, kwenye mstari wa 8, na akairefusha fomula ifike hapo. Nani angefanya tofauti? Jina la zao likiandikwa kwenye A12, bei hutafutwa hivi:

```
=VLOOKUP(A12,$F$2:$G$8,2)
```

Mkulima analeta kilo 340 za mbaazi. Fomula inasema bei ni 600. Stakabadhi inatoka na shilingi 204,000, ilhali haki yake ni 510,000. Amepoteza 306,000, na hakuna kilichobadilika rangi kwenye skrini.

Ili kuelewa kilichotokea, tazama namna mtu anavyotafuta neno katika kamusi. Haanzi ukurasa wa kwanza. Anafungua katikati, anaona kama neno lake liko mbele au nyuma, kisha anaacha nusu moja na kuigawa ile iliyobaki. VLOOKUP iliyoandikwa kama hapo juu hufanya hivyo hivyo. Orodha ina majina saba, kwa hiyo inaanza na la nne, Mahindi. Kwa alfabeti Mbaazi huja baada ya Mahindi, basi inaacha nusu ya juu. Katika matatu yaliyobaki, la katikati ni Shayiri. Mbaazi huja kabla ya Shayiri, basi inaacha sehemu ya chini, na hapo ndipo Mbaazi yenyewe ilipokuwa imeandikwa. Imebaki Ngano, nayo pia huja baada ya Mbaazi kialfabeti. Hakuna pa kwenda tena. Fomula inarudi kwenye jina la mwisho ililolikuta likiwa linatangulia Mbaazi, ambalo ni Mahindi, na kuchukua bei yake.

Fomula haikukosea kwa kanuni zake. Iliahidiwa orodha iliyopangwa, ikaiamini ahadi hiyo. Kasi ndiyo sababu ya kutafuta hivi. Ukurasa wa Excel una mistari 1,048,576, na kwa kugawa nusu kwa nusu, hatua 20 au 21 zinatosha kuimaliza yote. Ila kasi hiyo ina maana pale tu alfabeti inapotunzwa.

Sasa ona kwa nini kosa hili huishi miezi kadhaa bila kugundulika. Katika orodha hiyo hiyo mbovu, ukitafuta Mahindi, Ngano au Kitunguu saumu, bei inatoka sahihi, kwa sababu njia ya utafutaji hadi kwenye majina hayo haikupita penye kasoro. Karani akijaribu mazao mawili matatu ili kujiridhisha, ataridhika. Kwa hiyo kujaribu kwa kubahatisha hakutoshi, na ningependa msomaji alishike jambo hili kuliko mengine yote katika utangulizi huu.

Kuna kosa la pili lililo ndugu na hilo, nalo hutokea hata orodha ikiwa imepangwa vizuri kabisa. Mkulima analeta dengu, zao ambalo halimo kwenye orodha. Tungetarajia fomula iseme haikulipata. Badala yake inatoa 900, bei ya alizeti, kwa kuwa Alizeti ndilo jina lililo karibu zaidi kabla ya Dengu. Huu ndio ulinganishi wa kukadiria: jina lisipokuwapo, chukua linalotangulia. VLOOKUP hukadiria kila mara sehemu yake ya nne isipoandikwa, kwani ukimya huhesabiwa kuwa TRUE. MATCH nayo ina tabia hiyo hiyo katika sehemu yake ya tatu. XLOOKUP, iliyotangazwa mwaka 2019, iligeuza mambo: usipoiambia kitu, inatafuta jina kamili.

Njia ninayoipendekeza ya kukagua ni kuiuliza fomula ilitua wapi. Badilisha 2 iwe 1, ili irudishe jina badala ya bei, kisha ulinganishe na jina ulilotafuta:

```
=VLOOKUP(A12,$F$2:$G$8,1)=A12
```

Nakili fomula hii pembeni ya kila mstari wa mauzo. Palipo TRUE, bei imetoka kwenye jina lenyewe. Kwa mbaazi utaona FALSE, kwa kuwa fomula ilitua kwenye Mahindi, na kwa dengu utaona FALSE vilevile. Zichuje FALSE zote nawe utakuwa na orodha ya stakabadhi za kurudiwa. Alama ya #N/A ikitokea, jina limeshindwa kupata hata la kulitangulia, na mstari huo uchunguzwe pia.

Marekebisho yenyewe ni mafupi:

```
=VLOOKUP(A12,$F$2:$G$8,2,FALSE)
```

Sasa mpangilio wa orodha hauna tena uzito, na dengu italeta #N/A. Tarajia alama hizo ziongezeke siku ya kwanza, hasa pale jina lilipoandikwa na nafasi tupu mwishoni. Usizifiche kwa kuweka sifuri mahali pake, maana ndizo zinazokuonyesha kazi iliyobaki. Ukiamua kupanga orodha upya, chagua safuwima zote mbili kwa pamoja. Majina yakihama huku bei zimebaki, fomula sahihi itatoa bei zisizo sahihi, na hata ukaguzi wangu wa hapo juu hautaona kitu.

Hata hivyo, usiandike FALSE kila mahali. Bei zinazokwenda kwa viwango, mathalani bei moja kuanzia kilo 0, nyingine kuanzia 100 na nyingine kuanzia 500, zinahitaji kukadiria. Mzigo wa kilo 340 hauna mstari wake wenyewe, nao unapaswa kuangukia kwenye 100. Hapo TRUE ndiyo sahihi, mradi viwango vipangwe kutoka kidogo kwenda kikubwa. Swali la kujiuliza mbele ya kila fomula ni moja: ninachotafuta ni jina, au ni kiwango?

Kabla hujafungua sura ya kwanza, ndugu msomaji, fungua jedwali la bei unalolitumia sasa, weka safuwima ya ukaguzi, na uhesabu FALSE zilizomo. Ukikuta hata moja, irudie stakabadhi hiyo, na kama mwenyewe alipunjwa, mtafute umlipe kilichopungua.