Viti 60, mipangilio 12

Viti 60 vya plastiki vimeletwa ukumbini kwa ajili ya kikao cha wazazi, na mwalimu anataka vikae katika safu zilizo sawa, kisibaki hata kimoja pembeni. Anaweza kupanga safu 4 za viti 15, au safu 10 za viti 6. Njia zote ni ngapi, na atajuaje kwamba hakuna aliyoisahau?

Idadi ya safu lazima iwe kigawo cha 60, yaani namba inayoigawa 60 bila kuacha baki. Kwa hiyo swali la viti ni swali la vigawo. Anaweza kujaribu namba moja moja, akiandika kila kigawo pamoja na mwenzake: 1 na 60, 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, 5 na 12, 6 na 10. Saba haiigawi 60. Akifika 8 anaweza kuacha, kwa sababu 8 mara 8 ni 64, tayari imezidi 60. Jozi yoyote ambayo ingebaki ingekuwa na namba iliyo chini ya 8, na hizo zote ameshazipima. Vigawo ni 12.

Jibu ni sahihi, lakini halituambii kwa nini ni 12. Sababu yake inaonekana tukiivunja 60 mpaka kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Gawanya 60 kwa 2, unapata 30. Gawanya tena kwa 2, unapata 15. Kumi na tano haigawanyiki kwa 2, basi tumia 3, unapata 5, ambayo yenyewe ni tasa. Hivyo 60 = 2 × 2 × 3 × 5. Hata ungeanza na 5 au na 3, ungeishia na namba hizo hizo nne.

Sasa kigawo chochote cha 60 hutengenezwa kwa kuchukua baadhi ya namba hizo na kuzizidisha. Hakiwezi kuwa na 7 ndani yake, wala 3 mbili, kwa kuwa 60 haina. Unapokitengeneza una maamuzi matatu tu. Utachukua 2 ngapi: hakuna, moja au zote mbili? Hapo kuna njia 3. Utachukua 3 au utaiacha? Njia 2. Na 5 je? Njia 2 tena. Kila uamuzi hauutegemei mwingine, kwa hiyo tunazidisha: 3 × 2 × 2 = 12. Ukichukua 2 zote mbili na 3, ukaacha 5, unapata safu 12 za viti 5. Usipochukua chochote unapata 1, yaani safu moja ndefu ya viti 60.

Ndiyo maana kanuni husema uongeze 1 kwenye kila kipeo kabla ya kuzidisha. Katika 2² × 3¹ × 5¹ vipeo ni 2, 1 na 1, nasi tunazidisha 3, 2 na 2. Ile moja ya ziada ni ule uamuzi wa kutochukua kitu, na wanafunzi wengi huikariri bila kuambiwa hivyo.

Kosa linalostahili kuangaliwa kwa makini ni la anayeona namba nne, 2, 2, 3 na 5, akasema kila moja inachukuliwa au inaachwa, basi 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Amezihesabu 2 mbili kana kwamba ni vitu tofauti. Akiandika orodha yake atajishika mwenyewe: 2, 6, 10 na 30 zitajitokeza mara mbili kila moja. Toa hizo nne zilizorudiwa, zinabaki 12.

Kuna jambo la kuamua kabla ya kutoa jibu la mwisho. Katika kikao, safu 4 za viti 15 na safu 15 za viti 4 si kitu kimoja, kwani watu wanatazama mbele, hivyo njia ni 12. Ukipanga vigae 60 kuwa mstatili ambao unaweza kuugeuza, maumbo ni 6 tu.

Chini ya 100 hakuna namba yenye vigawo zaidi ya 12, na 60 ndiyo ndogo kuliko zote zilizofikia hapo. Majirani zake wawili, 59 na 61, wote ni tasa. Mwalimu akiletewa kiti kimoja zaidi, hana mstatili wowote: ni safu moja ya viti 61, au viti 61 vilivyofuatana mmoja nyuma ya mwingine.

Kwa 60, kujaribu namba moja moja hakuchoshi. Chukua sasa 3600, idadi ya sekunde katika saa moja. Kwa kujaribu, ungepima namba zote hadi 60. Kwa namba tasa, 3600 ni 60 × 60, kwa hiyo kila kipeo kinakuwa maradufu: 2⁴ × 3² × 5². Ongeza 1 kwenye kila kipeo, uzidishe: 5 × 3 × 3 = 45. Hesabu hiyo ni witiri ingawa vigawo huja kwa jozi, kwa sababu kimoja, 60, mwenzake ni yeye mwenyewe.