Kosta moja, faida mbili

Kampuni ndogo ya usafiri inanunua Kosta ya abiria 28 kwa shilingi milioni 100 na kuiingiza njia ya Moshi na Arusha. Mwenye kampuni ameshapiga hesabu zake: gari litafanya kazi miaka minne, kisha atalisukuma kwa milioni 24 kwa mtu wa kwenda kulimalizia barabara za vijijini. Kila mwaka, akishalipa mafuta, dereva, konda, bima na leseni, anabakiwa na milioni 45. Mfano huu nimeutunga, na namba nimezichagua ziwe nyepesi, lakini swali lake hukutana nalo kila anayemiliki gari la biashara: mwaka wa kwanza faida ni shilingi ngapi?

Haiwezi kuwa milioni 45, maana katika kuzitafuta hizo gari nalo limeliwa. Haiwezi pia kuwa hasara ya milioni 55 kwa sababu tu milioni 100 zimetoka mwaka huohuo, kwani Kosta bado ipo stendi na itabeba abiria miaka mingine mitatu. Mhasibu hufanya jambo la katikati. Anachukua milioni 100, anatoa milioni 24 zinazotarajiwa kurudi siku ya kuuza, na zile 76 zinazobaki anazigawa kwa miaka minne. Fungu la kila mwaka ndilo uchakavu, na linaingia kwenye matumizi kama mafuta yanavyoingia. Ugomvi wote uko kwenye namna ya kugawa.

Njia ya kwanza, ya mstari mnyoofu, haina makuu. Milioni 76 kwa miaka minne ni milioni 19 kila mwaka. Ukizitoa kwenye 45, faida ni milioni 26 mwaka wa kwanza, 26 wa pili, na hivyohivyo hadi mwisho. Wengi huipenda kwa sababu kosa halina pa kujificha.

Njia ya pili, ya salio pungufu, inatumia asilimia ileile kila mwaka, ila inaipiga kwenye thamani iliyobaki vitabuni badala ya bei ya kununulia. Kwa Kosta yetu asilimia hiyo ni 30. Mwaka wa kwanza uchakavu ni milioni 30, gari linabaki na thamani ya 70. Mwaka wa pili ni asilimia 30 ya hizo 70, yaani milioni 21, zinabaki 49. Wa tatu ni milioni 14.7. Wa nne ni 10.29, na hapo mhasibu ataongeza elfu kumi ili gari lifike milioni 24 kamili. Faida sasa inakuwa na sura nyingine: milioni 15 mwaka wa kwanza, kisha 24, kisha 30.3, na mwisho 34.7.

Hiyo asilimia 30 haikuokotwa. Unagawa thamani ya mwisho kwa bei, unatafuta kipeuo cha nne cha jibu kwa kuwa miaka ni minne, kisha unakitoa kwenye moja: 1 − (24/100)^(1/4), ambayo ni 0.30. Wengi hukosea hapa. Wanasema miaka ni minne, basi asilimia ni 25, kama ilivyo kwenye mstari mnyoofu. Ukitumia 25 kwenye salio pungufu, mwisho wa mwaka wa nne vitabu vitadai Kosta bado ina thamani ya zaidi ya milioni 31, na siku ya kuiuza kwa 24 hasara itajitokeza ambayo hakuna aliyeitarajia. Wengine hutoa zile milioni 24 kwanza, kisha wanapiga asilimia 30 kwenye 76. Hilo nalo si sawa, maana thamani ya mwisho imeshahesabiwa ndani ya asilimia yenyewe.

Sasa jumlisha faida za miaka minne. Mstari mnyoofu: 26 mara nne, milioni 104. Salio pungufu: 15 na 24 na 30.3 na 34.7, milioni 104. Haikosi hata senti. Wala haiwezi kukosa, kwa sababu zilizoingia na zilizotoka ni zilezile. Njia ya uchakavu haizalishi faida wala haiiharibu. Inachoamua ni faida hiyo iandikwe mwaka gani.

Kwa nini basi mtu ajitakie faida ndogo mwanzoni? Jibu liko gereji. Nilisema milioni 45 kila mwaka, lakini hapo nililidanganya gari. Kosta mpya kwenye biashara inabadilishiwa oili na breki tu. Ikifika mwaka wa tatu zinaanza klachi, springi, injekta, na siku nzima za kulala chini bila kubeba mtu. Tuseme kabla ya matengenezo inabaki milioni 50 kila mwaka, na matengenezo ni milioni 2 mwaka wa kwanza, 7 wa pili, 14 wa tatu na 19 wa nne. Kwa mstari mnyoofu, faida inaporomoka: 29, kisha 24, kisha 17, kisha 12. Ukiangalia vitabu utadhani menejimenti imelala usingizi. Kwa salio pungufu uchakavu unashuka kadiri gereji inavyopanda, na faida inakuwa 18, 22, 21.3 na 20.7. Jumla kwa njia zote mbili ni milioni 82. Lakini maelezo ya pili yako karibu zaidi na ukweli wa stendi: huduma ya gari hilo ilimgharimu mwenyewe takriban kiasi kilekile kila mwaka, mwanzoni kwa njia ya kushuka thamani, mwishoni kwa njia ya spea.

Ndiyo maana mimi, kwa magari na mitambo inayoharibika kwa kupigwa kazi, naegemea salio pungufu. Kwa jengo la ofisi, au uzio, au rafu za stoo, ambazo mwaka wa kumi zinatumika sawasawa na mwaka wa kwanza, sioni sababu ya kuacha mstari mnyoofu. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 16 kinakubali njia zote mbili, na kigezo chake ni hicho: njia ifuate jinsi kampuni inavyoitumia na kuimaliza mali yenyewe. Hakisemi ifuate faida ambayo mkurugenzi angependa kuiona.

Majaribu ni makubwa, lakini. Chukua Kosta yetu ya awali, mwisho wa mwaka wa kwanza, thamani vitabuni milioni 70. Mwenye kampuni anataka mkopo benki, anamwambia mhasibu tuhamie mstari mnyoofu. Milioni 70 toa 24, gawa kwa miaka mitatu iliyobaki, uchakavu wa mwaka wa pili unakuwa milioni 15.3 badala ya 21. Faida imepanda kwa karibu milioni 6 bila kuongezeka abiria hata mmoja. Kubadili njia kunaruhusiwa ikiwa matumizi ya mali yamebadilika kweli, na athari yake inapaswa kuelezwa. Kwa hiyo anayesoma hesabu za kampuni asiishie kwenye mstari wa faida. Afungue kurasa za maelezo ya sera za uhasibu, aone njia iliyotumika mwaka huu na mwaka jana.

Kuna kipimo kingine, nacho ni siku ya kuuza. Tuseme Kosta inauzwa mapema, mwisho wa mwaka wa pili, kwa milioni 52. Vitabu vya mstari mnyoofu vilikuwa vinasema ina thamani ya 62, kwa hiyo inaandikwa hasara ya 10. Vya salio pungufu vilisema 49, inaandikwa faida ya 3. Jumlisha na faida za miaka hiyo miwili, kote unapata milioni 42. Soko la magari limelazimisha njia mbili zikutane. Kampuni ambayo kila ikiuza gari inaandika hasara imekuwa ikikata uchakavu kidogo mno, maana yake faida za miaka iliyopita zilikuwa zimenenepeshwa. Ambayo kila mara inaandika faida kwenye mauzo ya magari makuukuu ilikuwa ikikata mno.

Kodi ni habari nyingine, na huwachanganya watu. Mamlaka ya Mapato haiangalii umechagua njia gani. Inarudisha uchakavu wako wote, kisha inakupa wake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka mabasi yenye nafasi chini ya abiria 30 kwenye daraja la kwanza, ambalo hupunguzwa kwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Mabasi ya abiria 30 na kuendelea yako daraja la pili, asilimia 25. Kwa Kosta yetu, mwaka wa kwanza ni milioni 37.5, na mapato ya kutozwa kodi ni milioni 7.5 tu, iwe vitabu vyako vimeonyesha faida ya 26 au 15. Anayebadili njia akitumaini kupunguza kodi anajisumbua.

Mpaka hapa tumekaa na gari moja. Mambo hubadilika kampuni ikinunua Kosta moja kila mwaka na kuuza ile iliyotimiza minne. Ikifikisha magari manne, la mwaka wa kwanza linakatwa 30, la pili 21, la tatu 14.7, la nne 10.3. Jumla ni milioni 76. Na kwa mstari mnyoofu? Manne kwa milioni 19, ni 76. Tofauti imekwisha. Faida haiyumbi tena kwa sababu ya njia, kwani kuna gari la kila umri.

Tatizo linaanza siku kampuni hiyo inapoacha kununua. Mwaka unaofuata, kwa salio pungufu, lile fungu zito la milioni 30 halipo. Yamebaki magari matatu makuukuu yenye uchakavu wa milioni 46 kwa jumla, wastani wa milioni 15.3 kila moja badala ya 19. Gharama ya kila gari imeshuka, na ikiwa bili za gereji hazijaanza kuuma, faida kwa kila gari inapanda. Mwaka baada ya huo inapanda tena, na karatasi inapendeza kuliko wakati wowote. Mtu anayetaka kununua hisa kwenye kampuni ya namna hiyo aombe daftari la mali za kudumu kabla ya kuangalia faida, aanze na safu ya tarehe za kununulia, na ahesabu ni miaka mingapi imepita tangu gari la mwisho liandikwe humo.